Hiyo meli mnayoiona ni keki jamani 😂 Thimu, umri, sehemu na bei zetu zote za pati za bethdei za watoto nimeandika hapa

Wana mwisho wa reli habari zenu, wakubwa shikamooni. Tangu hii picha iende hewani inboksi imejaa "bei?" "bei dada?" "naomba bei", na mimi kumjibu mmoja mmoja siwezi tena, vidole vimechoka, kwahiyo naandika yote hapa kwa mpigo, ni ndefu najua, wa kusoma asome na wa kuiseva aiseve mpaka bethdei ya mwanae ikaribie.

Kwanza picha yenyewe (wazazi wameruhusu iwekwe, bila ruhusa ya mzazi hatupost sura ya mtoto wa mtu hata akipendeza vipi). Bwana mdogo katimiza miaka 6, hapo ni uani kwao Katubuka, na hiyo keki ni Liemba, meli yetu, kuanzia mwili mweupe mpaka bomba la moshi. Mtoto mwenyewe ndio aliitaka, babu yake aliwahi kuisafiria na anamsimulia kila siku. Sasa ukiangalia vizuri nyuma ya keki utaona maputo ya bluu yanaelea kama yana gesi, hayana gesi yale, gesi ya kupaisha maputo kuipata huku ni shughuli na bei yake utalia, tumejaza upepo wa kawaida tukayaning'iniza kwenye tawi la mwembe kwa mshipi, huu huu wa kuvulia samaki, kwenye picha hauonekani kabisa. Na hiyo nyavu iliyotandazwa mezani ni nyavu kweli, imefuliwa mara tatu na bado shangazi mmoja akasema anasikia harufu ya dagaa 😅

Michezo ya siku hiyo tuliitoa kwenye historia ya meli. Emsii kawaambia watoto kwamba Liemba ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani ikaunganishwa hapahapa Kigoma, ikaingia majini 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili maadui wasiichukue, na 1924 ikaopolewa. Basi tukawa na boksi kubwa lenye zawadi limefungwa kamba, "limezama", timu mbili zinavuta kuliopoa. Jasho liliwatoka. Mpaka akina baba waliokuwa wamekaa pembeni na soda zao wakaja kushika kamba.

Ndio maana nikikuuliza mtoto anapenda nini usinijibu "chochote tu dada". Thimu nzuri inatoka kwa mtoto, haitoki kwenye picha uliyoiona ya mtu wa Dar. Prinsesi tunafanya, unikoni tunafanya, masupahiro tunafanya sana, lakini zinazonipa raha ni za kwetu. Ya sokwe wa Gombe kwa mfano, watoto wanajenga kiota cha majani, halafu kila mmoja anapewa kijiti chake kilichopakwa asali avue bisi kwenye kopo lenye tundu, maana sokwe wa Gombe ndivyo wanavyovua mchwa kwenye kichuguu, Jane Goodall aliliona hilo 1960 na dunia nzima ikashangaa. Ya samaki wa ziwani inapendeza kwa rangi, Tanganyika ina vile visamaki vya mapambo vya kila rangi, kwahiyo huhitaji kubuni kitu. Ya treni wanaipenda wa chekechea, tunapanga maboksi kama mabehewa na tiketi wanakatiwa mlangoni. Na ya Simba na Yanga... hii nawaomba wazazi mkubaliane nyumbani kwanza. Kuna baba alilipia kijani na njano, mama kapiga simu usiku anataka nyekundu na nyeupe, nikabaki katikati kama refa. Siku hizi bila meseji ya wote wawili kwamba mmekubaliana sinunui hata puto moja.

Umri sasa, na hapa naomba mnisikilize kwasababu ndipo pesa nyingi za wazazi zinapopotelea.

Mwaka 1 mpaka 2: tuseme ukweli, hii pati ni ya watu wazima. Mtoto hajui kinachoendelea, anataka kunyonya na kulala. Fanya saa nne asubuhi akiwa ameamka vizuri, saa moja na nusu inatosha, mziki uwe wa chini, ukiifanya jioni utapiga picha za mtoto analia tu. Maputo tunayaweka juu asipoyafikia na likipasuka vipande tunaviokota hapohapo, maana mtoto wa umri huo kila kitu mdomoni na kipande cha puto kikimkaba ni hatari kweli. Karanga, bisi na pipi ngumu kwa hawa na hata wa miaka 3 hatuweki mezani, tutawapa ndizi, keki laini na uji wa maziwa kama mama anataka. Najua kuna bibi atasema "sisi tulilelewa na karanga", bibi tunakuheshimu ila hapana.

Miaka 3 mpaka 5 wanataka kuchorwa uso, kuimba, kukimbia bila sababu. Masaa mawili, yakizidi hapo wanaanza kugombana na kuangusha machozi. Hawa mchezo wa kushinda na kushindwa usiwape, kila mtu apate kitu.

6 mpaka 9 ndio umri mtamu kuliko wote, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, ndimu kwenye kijiko, viti vya mziki, rede kwa wasichana (na wavulana wanaingia wanakula mpira wa mgongo). Wape masaa matatu na bado watakuuliza kesho tena saa ngapi.

10 mpaka 13 usiwaletee mchekeshaji mwenye pua nyekundu, wataona aibu mbele ya wenzao. Hao wape spika, mashindano ya kucheza, maswali ya chemsha bongo, kutafuta vitu vilivyofichwa. Kuna wanafunzi waliigiza Stanley na Livingstone wanakutana chini ya mwembe Ujiji 1871, ndevu za pamba, kofia ya kadibodi, nilicheka mpaka nikasahau kukata keki.

Sehemu ya kufanyia. Mimi nyumbani ndio napendekeza kila siku, uani kwako Mwanga, Gungu, Ujiji, popote, kukiwa na kivuli na geti linafungwa tumemaliza. Unaokoa hela ya ukumbi, mtoto akichoka kitanda kiko hapo. Ila mziki ukiwa mkubwa mwambie mwenyekiti wa mtaa mapema na majirani pia, na adhana ikianza tunazima, hilo halina mjadala. Chakula chetu chote ni halali hivyo kila mgeni ale kwa amani.

Ukumbi chukua kama ni kipindi cha mvua, yaani kuanzia Novemba mpaka Aprili, au watoto wamezidi 60. Ulizia jenereta kabla hujalipa, sio ukumbi wote unao, na keki ya krimu kwenye ukumbi usio na feni saa nane mchana inateremka kama mlima Bangwe.

Ufukweni, Katonga au Bangwe, picha zinatoka nzuri hakuna ubishi, lakini mjue ziwa letu linashuka kina ghafla, hatua chache tu mtoto hapati chini. Kwahiyo ufukweni tunapokea kuanzia miaka 7, hakuna kuogelea kwenye pati, kamba inafungwa kwa mbali na maji, tunakuja na maboya na vijana wawili wanaojua kuogelea kazi yao kuangalia maji tu, hawagusi spika wala sahani. Juni mpaka Agosti upepo unasumbua, tunaanza asubuhi na mapambo yanakuwa ya chini, tenti refu litaondoka na wageni. Mzazi asiyetaka masharti haya atafute mwingine, sitachukia.

Haya bei, najua wengine mmeruka mpaka hapa 😂 Majina ni ya samaki wetu.

DAGAA 180,000/= watoto mpaka 15, nyumbani kwako. Keki ya kilo 2, maputo na pazia la kupigia picha, bisi na juisi ya ukwaju, dada mmoja wa michezo masaa mawili. Chakula unapika mwenyewe, pilau la mama halishindwi na mtu.

MGEBUKA 450,000/= watoto mpaka 30. Hii ndio inayochukuliwa sana, na ndiyo ya hiyo picha. Keki kilo 3, chipsi kuku na soseji, juisi, emsii, spika, kuchorwa uso, tenti moja na viti, wasaidizi wawili, masaa matatu. Keki ya umbo kama hiyo meli inaongezeka 60,000/= kwasababu inakaa siku mbili mkononi na kuisafirisha mtu anaipakata kwenye bajaji kutoka Mwanga huku dereva anatembea kama amebeba mgonjwa.

KUHE 950,000/= watoto mpaka 60. Vyote vya Mgebuka, keki inakuwa kilo 5, plus lile puto kubwa la kurukia na mtu wa kulisimamia (wanaingia 8 kwa zamu, wadogo na wakubwa hawachanganywi), jenereta, mpiga picha, aiskrimu, na kila mtoto anaondoka na kifurushi cha zawadi.

Mtoto akizidi idadi ni 6,000/= kwa Dagaa na 10,000/= kwa hizo mbili. Ufukweni ongeza 120,000/= ya maboya na wale vijana. Ukumbi unalipa mwenyewe moja kwa moja kwa mwenye ukumbi. Usafiri ndani ya mji ni bure mpaka Mwandiga, Kasulu na Uvinza tunakuja ila mafuta juu yako.

Kianzio nusu, salio siku moja kabla, sio "nikitoka kwenye sherehe nakutumia", hiyo imeniliza. Vitu vya kuchapisha jina la mtoto nipe wiki mbili maana vingine vinakuja kwa basi kutoka mbali. Mtoto akiumwa au mvua ikiharibu tunasogeza tarehe bure. Ukighairi zikiwa zimebaki chini ya siku tatu kianzio hakirudi, mayai na krimu vinakuwa vimeshanunuliwa.

Ya kupunguziwa: naweza kukupunguzia vitu, siwezi kukupunguzia bei vitu vikibaki vilevile. Niambie una shilingi ngapi nikuambie nini kinatoka, mbona tunaelewana tu.

Desemba Jumamosi mbili za mwanzo zimeshachukuliwa, Jumapili bado zipo. Namba iko kwenye profaili, wasapu ni hiyohiyo. Ukiandika, taja umri wa mtoto, watoto wangapi, tarehe, mtaa, na kitu mtoto anachokipenda kuliko vyote. Atakayeandika "bei?" tu namtumia hii posti nzima aisome tena kuanzia juu 😁