Ami wa londri, habari ya shati langu lililorudi

Asalaam aleikum Ami. Natumai umerudi salama kutoka Mokowe na bahari haikuwachafukia, mana hizi siku mbili upepo umekua mwingi. Naomba unisamehe kwa kukuandikia refu hivi, nilipita dukani mara mbili sikukupata, na yule kijana wa kaunta nikaona nikizidi kumbana ataona namgombeza na wala si yeye nataka kugombana naye. Kwa hivyo nikasema niandike, usome ukiwa umetulia, hata ukimaliza isha.

Mimi ni Athman wa Mkomani, yule huleta kanzu Alhamisi. Nguo zangu nimekuletea tangu ulipofungua hapo na sijawahi kulalamika hata mara moja. Juzi nilileta vipande saba, kanzu mbili, shuka mbili, kikoi, suruali na shati moja la kitani rangi ya mchanga. Vile sita vimetoka vizuri mno, ile kanzu nyeupe iliyokua na tone la mchuzi wa samaki kifuani sioni hata alama, hapo nakupa haki yako. Tatizo ni lile shati.

Ami, shati limerudi, na si kurudi kidogo. Nilipolitoa kwenye mfuko nilidhani nimepewa la mtu mwengine, la mtoto wa shule hivi, mpaka nilipoona kile kifungo cha mkono wa kulia ambacho mke wangu alikishona kwa uzi wa buluu kwa kukosa wa rangi yake. Nikalivaa. Kufunga lafungwa, lakini nikinyoosha mkono kuchukua kikombe mkono wa shati unapanda mpaka karibu nusu ya kigasha, na nikikaa vifungo vya tumboni vinafungua midomo. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, mimi sikucheka.

Sasa nisije nikasema kwa hasira tu, nilienda kwa fundi aliyelishona nikamwomba daftari lake. Alikua ameandika kifua 46, urefu 30, mkono 25. Tukalipima hapo hapo mezani kwake, kifua 43, urefu 27 na nusu, mkono 23. Alafu nikachukua la ndugu yangu, mana haya tulishona mawili kwa kitambaa kimoja, siku moja, kwa arusi ya binamu yetu mwaka jana, na vipimo vyetu ni sawa. Yeye lake hufuliwa nyumbani kwa maji baridi na kuanikwa darini. Nimeyalaza moja juu ya jengine kitandani nikapiga picha, nimekutumia hapo juu, utaona la chini limechomoza pande zote kama ukingo wa mkeka. Hata langu kabla ya hapo nshalifua nyumbani pengine mara kumi na halikuwahi kurudi, kwa hivyo siwezi kusema kitambaa kilikua kibaya au fundi hakukiloweka kabla ya kukata.

Mimi naona ni ile mashini ya kukaushia, draya. Na naelewa kabisa kwa nini, wiki ile mvua haikukatika, hata sie nyumbani shuka zilikaa darini siku tatu zikanuka uvundo, wateja nao wanataka nguo zao, kijana angefanya nini. Lakini kitani na pamba ndivyo vilivyo, kiwandani nyuzi huvutwa zikanyooka, sasa zikilowa kisha zikapata moto mwingi huku zinarushwarushwa mle ndani, zinajikunja kurudi zilivyokua. Yule kijana aliniambia ati nikilivaa litanyooka lenyewe. Nimejaribu Ami, nimeliloweka kwa maji ya uvuguvugu na kondishona ya nywele ya mke wangu, dakika thelathini, kisha nikalivuta taratibu juu ya taulo kama anavyovutwa mtoto asiyetaka kwenda chuoni. Nimepata nusu inchi ya mkono, basi. Kifuani hakuna kitu.

Kitu kimoja nakuomba ukitizame mwenyewe. Risiti yenu chini imeandikwa kwamba duka halihusiki na nguo kurudi wala kuchuja rangi. Sawa, nimeiona, na kwa mtu aliyeleta nguo akanyamaza mimi pia ningesema ni bahati yake. Lakini mimi nilisema. Nilimwambia kijana hili shati usilitie kwenye mashini ya kukaushia, lianike tu hata likichukua siku tano, na yeye mwenyewe akaandika kwa kalamu pembeni ya risiti "kitani – juani". Picha ya risiti pia nimekutumia, hati ni yake, utaijua. Nadhani aliyeandika si aliyekausha, hapo katikati neno likapotea.

Sasa tuje kwa pesa, nisikuzungushe. Kitambaa kilikua yadi mbili na nusu kwa 1,100 kila yadi, hiyo ni 2,750. Fundi alichukua 1,200, na vifungo 100. Jumla 4,050. Shati nimelivaa karibu mwaka, si haki nikudai kama jipya, kwa hivyo nimetoa elfu moja ya kuvaa na hamsini ya kukuheshimu, inabaki 3,000. Juu ya hapo naomba 150 niliyolipia kulifua. Yote 3,150. Ukitaka njia nyengine, nunua wewe kitambaa kama kile, fundi nitamlipa mimi, nayo ni sawa pia. Ila kile kijana alichosema, nifuliwe bure mara ishirini, sikitaki Ami, sina shati la kuvaa alafu nifuliwe bure kitu gani. Na ukilipa, lile lililorudi ni lako, pengine una mjukuu mwenye mwili mdogo kuliko wangu litamkaa vizuri sana, ni zuri bado.

Na tafadhali kijana usimkate mshahara kwa hili. Ana adabu, na siku ile alikua peke yake na milima ya nguo. Pengine kamba ya kutundikia kikaratasi kwenye nguo ingetosha, ya aina hiyo isiyotolewa mpaka nguo ikauke.

Shemeji yangu anayekaa Mombasa alipoona picha akanitajia ile sheria ya kulinda mteja ya 2012, nikamwambia awache, sisi hapa tunaonana msikitini, hatupelekani mbali kwa shati. Hata barazani sijalisema, naomba tulimalize mimi na wewe.

Ila nina haraka kidogo, mana mwisho wa mwezi kuna arusi nyengine na tulipanga mimi na ndugu yangu tuvae sare tena, na fundi asema akipata kitambaa baada ya Jumatatu hatawahi. Kwa hivyo ukiweza nijibu kabla ya Jumapili. Shati na risiti yenyewe ninavyo, kesho baada ya alasiri nitapita navyo uvione kwa macho yako. Kama hutakuwepo nambie tu, nije nyumbani kwako.

Wasalaam,
Athman