Kwa Heshima ya Swali

Mwenyekiti mpya, Mwalimu wetu, wazee mliotutangulia katika chama hiki, wanachama wenzangu, na jamaa mliokubali kutusindikiza jioni hii: hamjambo?

Kamati imeniomba niinue glasi kwa niaba yenu. Mwalimu ameongoza mijadala yetu ya falsafa ya kila Alhamisi kwa miaka 18, na leo anakabidhi kiti. Juzi nilimpigia simu kumuuliza angependa niseme nini. Akanijibu, "Usinisifu mimi, sifu kazi." Nitajitahidi kumtii. Ila kazi hiyo ya kuuliza mimi niliijulia mikononi mwake, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianza na siku ile.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuja hapa mjini kwenye kile chumba chetu cha juu, chenye viti vya plastiki, nikiwa na mzigo wa nyumbani. Baba alikuwa ametuachia ekari saba kule Mwingi. Mama anaumwa, madeni ya hospitali yamerundikana, na mnunuzi yuko mlangoni. Kaka mkubwa anasema tuuze. Mdogo wetu anasema ardhi ya ukoo haiuzwi. Mimi niko katikati, silali. Nikawaeleza wote mliokuwapo, kisha nikamgeukia Mwalimu na kumwomba atoe uamuzi. Nilitaka jibu, na nilikuwa tayari kulipeleka nyumbani kama hukumu ya mahakama.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, umesema 'sisi' mara nyingi sana. Sisi ni akina nani?"

Nikamjibu, "Sisi, watoto wa marehemu mzee."

"Mko wangapi?"

"Watatu."

"Mama yenu alizaa watatu?"

Wale mliokuwapo mnakumbuka kimya kile. Mama yangu alizaa watano. Nina dada wawili, wote wameolewa, na katika usiku wote ule wa kugeuka kitandani sikuwahi kuwahesabu. Sikuwa nimewakataa. Ingekuwa afadhali ningewakataa, maana anayekataa angalau amefikiri. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya wazo fulani kama mtu anavyosimama juu ya sakafu, bila kuitazama.

Niliondoka nimekasirika. Nilitembea hadi steji ya matatu nikijiambia kwamba mama huyu nimemletea moto unaowaka, naye ananiuliza idadi ya ndugu. Jumamosi nikapanda gari la Mwingi. Tukakaa watano na mama, kwa mara ya kwanza. Ndipo nikajua kwamba dada yetu mkubwa ndiye aliyekuwa akinunua dawa za mama miaka yote ile, kimyakimya, na kwamba alikuwa na wazo ambalo sisi wanaume hatukuwa tumelifikia: tukodishe ekari tatu kwa misimu michache, tulipe deni, shamba libaki. Ndivyo tulivyofanya.

Mwalimu hakujua habari za ekari tatu. Hakumjua dada yangu. Kama angenipa uamuzi Alhamisi ile, hata uwe wa hekima kiasi gani, ungekuwa jibu la swali la wanaume watatu.

Ndugu zangu, kazi hii ina wenyewe katika nchi hii. Profesa Henry Odera Oruka, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, alikwenda vijijini na wanafunzi wake wakiwa na kinasa sauti. Wakati ule walikuwapo wasomi walioamini kwamba Mwafrika wa kijijini ana mila tu, hana falsafa. Oruka hakuridhika kubishana nao kwa makala. Alikwenda kuwauliza wazee wenyewe, na jibu la kwanza halikumtosha. Mzee akimwambia "ndivyo tunavyoamini", yeye huuliza: na wewe mwenyewe waonaje? Kwa nini? Kwa njia hiyo akatofautisha wenye hekima wa aina mbili. Yuko anayeijua mila ya watu wake barabara na kuisimulia vizuri, akaishia hapo. Na yuko anayeijua vilevile, lakini anaweza kusimama pembeni yake na kuipima.

Mmoja wa wazee hao alikuwa Paul Mbuya Akoko, na sehemu ninayoipenda mno ni alipozungumzia ujamaa wa jadi wa Waluo. Sote tumelelewa na maneno kwamba hapo kale Waafrika waligawana kila kitu. Tunayasema majukwaani, tunayasema kwenye matanga. Mzee Mbuya aliyachukua akayafungua. Alieleza kwamba mwenye ng'ombe wengi hakuwagawa bure. Aliwaazima wasio nacho, nao wakafaidika, lakini ng'ombe walibaki na mwenyewe. Ulikuwa ushirikiano, wenye masharti yake. Tazameni alichofanya mzee yule. Hakuwakashifu wahenga, wala hakuwapamba. Aliwaheshimu kiasi cha kutaka kujua walifanya nini hasa. Mimi sijui heshima kubwa kuliko hiyo.

Na hata wakubwa wetu katika taaluma tumewafanyia hivyohivyo. Mnakumbuka zile Alhamisi tulizokaa na John Mbiti na kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika? Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akajenga juu yake hoja kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao ni mfupi, hauvuki hata miaka miwili. Mwanachama mmoja kutoka Lamu akainua mkono taratibu na kuhesabu: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Mwingine akamjibu kwamba hizo bado ni siku chache tu, hazijamwangusha Mbiti. Kisha Mwalimu akauliza: tunaposema ardhi haiuzwi kwa ajili ya watakaozaliwa, hao watakaozaliwa tunawaweka wapi? Tulitoka saa nne usiku, mlinzi akitusubiri na funguo, na hatukuwa tumemaliza. Bado hatujamaliza.

Wapo wanaotuambia kwamba haya ni anasa ya watu walioshiba. Nawasikia. Mtoto mwenye homa anahitaji dawa, hahitaji mjadala, na daktari anayejua jibu na alitoe upesi. Lakini mengi yanayotuumiza majumbani na katika nchi hii hayaumizi kwa kukosa majibu. Majibu yamejaa. Yanaumiza kwa sababu kuna mtu hakuhesabiwa kabla swali halijaulizwa.

Tuna methali yetu kwamba kuuliza si ujinga. Tumezoea kumtetea nayo asiyejua. Mwalimu ametufundisha kwamba anayejua naye anadaiwa kuuliza, tena yeye zaidi, kwa kuwa hakuna atakayemuuliza.

Basi, wapendwa, tusimame. Mwenye divai, mwenye juisi ya ukwaju, mwenye maji, glasi juu. Dada yangu mkubwa yuko nasi usiku huu, meza ile karibu na dirisha. Amesafiri kutoka Mwingi kuja kumwona mwanamke aliyeuliza watoto ni wangapi. Dada, simama nawe.

Kwa Mwalimu, na kwa swali lake: sisi ni akina nani?

Heri na afya!