Muhtasari wa Athari za Mazingira na Jamii: Mradi wa Maji wa Kijiji cha Mkwajuni, Wilaya ya Newala, Mkoa wa Mtwara

Unawasilishwa kwa: Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), Kanda ya Kusini. Nakala: Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, kuhusu ombi la kibali cha kutumia maji.
Mwombaji: Halmashauri ya Kijiji cha Mkwajuni, kwa usimamizi wa kitaalamu wa RUWASA.
Tarehe: Aprili 2025

1. Mradi wenyewe

Mkwajuni ipo juu ya uwanda wa Makonde, karibu na ukingo unaoshuka kuelekea bonde la Ruvuma. Udongo wa uwandani ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama moja kwa moja, na hutokeza tena chini ya mteremko kwenye chemchemi. Ndiyo maana kijiji chenye mvua ya kutosha kukuza mikorosho hakina maji ya kunywa.

Kijiji kina wakazi 2,340, shule ya msingi yenye wanafunzi 412 na zahanati moja. Mradi utajenga chemba ya kukusanyia maji kwenye chemchemi, pampu ya umeme wa jua, bomba la kupandishia maji lenye urefu wa kilomita 2.6, tenki la lita 50,000 na vituo 10 vya kuchotea maji. Kutoka chemchemi hadi tenki ni kimo cha mita 140.

Kwa sasa wanawake huondoka saa 10 alfajiri. Tulipofuatana nao Oktoba 2024, wa mwisho alirudi nyumbani saa 3 asubuhi akiwa na ndoo moja ya lita 20. Kwenye dimbwi walikuwa wakichota kwa kopo, kidogo kidogo, wakisubiri tope litulie. Asiyeweza kushuka hununua dumu kwa vijana wa baiskeli kwa shilingi 500.

2. Athari kubwa: maji yanayobaki kijitoni

Athari za ujenzi ni za muda, na tunajua namna ya kuzidhibiti. Inayotupa wasiwasi ni hii moja, na tunaomba mamlaka iipe uzito kuliko nyingine zote.

Tulipima chemchemi kwa ndoo na saa. Machi 2025 ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 8, sawa na mita za ujazo 216 kwa siku. Mwishoni mwa Oktoba 2024 ilijaa kwa sekunde 12, sawa na mita za ujazo 144. Kipimo tunachokitegemea katika ombi hili ni cha Oktoba.

Kwa lita 25 kwa mtu kwa siku, pamoja na shule, zahanati na upotevu wa asilimia 15, kijiji kinahitaji mita za ujazo 74 kwa siku hivi sasa. Baada ya miaka 20, watu wakifika 3,400, mahitaji yatakuwa 107. Tukichukua 107 wakati wa kiangazi, kijitoni zitabaki 37 tu. Huko chini kuna bustani 17 za mchicha, nyanya na bamia, vipande vya mpunga, na mahali pa kunyweshea mifugo. Katika mkutano wa hadhara, mama mmoja mwenye bustani alisimama akauliza, "Mkishavuta ninyi wa juu, sisi wa bondeni tutabakiwa na nini?" Mchoro wa kwanza wa mradi haukuwa na jibu la swali lake. Tuliubadilisha.

Katika mchoro wa sasa, bomba linalopeleka maji kijitoni limewekwa chini kuliko bomba la pampu, na tundu lake linapitisha lita 0.7 kwa sekunde, yaani takriban mita za ujazo 60 kwa siku. Bomba hilo halina koki. Kijito kinapata kwanza, pampu inafuata. Kwa hiyo tunaomba kibali cha mita za ujazo 84 kwa siku kuanzia Septemba hadi Desemba, na 107 kwa miezi mingine. Kijiji kikikua kuzidi hapo, kitafute chanzo cha pili. Hilo limeandikwa katika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji.

Hata hivyo, bustani tatu za mwisho kabisa zitapata maji pungufu mwezi Oktoba na Novemba. Wenye bustani hizo wamepewa nafasi ya kuhamia juu zaidi ya kijito, na wawili wamekubali. Wa tatu bado hajakubali, na mazungumzo yanaendelea.

3. Chanzo na ubora wa maji

Maji ya chemchemi yana uchachu kidogo (pH 6.1), na sampuli ilionyesha bakteria wa kinyesi, jambo la kutarajiwa kwenye dimbwi la wazi. Chemba itafunikwa na maji yatatiwa klorini kwenye tenki. Kwa sababu ya uchachu huo hatutatumia mabomba ya chuma, ambayo yangeliwa na kutu. Bomba la kupandishia litakuwa la plastiki linalostahimili baa 16.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Kipimo hichohicho tumekitumia kuzunguka chemchemi. Ndani yake hakutakuwa na kilimo, mifugo wala upuliziaji wa salfa ya mikorosho. Mikaratusi haitapandwa. Mkuyu ulio juu ya chemchemi, ambapo wazee hufanya dua kabla ya mvua, hautaguswa, na njia ya kuufikia itabaki wazi.

4. Ujenzi

Njia ya kwanza ya bomba ingekata mikorosho 31. Tumelihamishia kando ya barabara ya kijiji, na sasa itakatwa minne. Wenyewe watalipwa fidia kabla ya kazi kuanza. Mtaro utachimbwa Juni hadi katikati ya Agosti, kabla ya korosho kuanza kudondoka na watu kuziokota. Mteremkoni, mtaro ulioachwa wazi hugeuka korongo kwa mvua moja, kwa hiyo kila kipande kitafukiwa ndani ya wiki ileile na kuwekewa vizuizi vya mawe kila mita 10. Vibarua watatoka kijijini. Makaburi mawili yaliyo karibu na njia yamewekewa alama na ndugu wa marehemu.

Eneo la tenki limetolewa na familia mbili. Moja ni ya mjane. Tulirudi kwake mara ya pili bila viongozi, kuhakikisha kwamba ametoa kwa hiari yake. Aliomba kituo kimoja kiwe karibu na nyumba yake, na mchoro umekiweka hapo.

5. Jamii baada ya maji kufika

Ndoo itauzwa shilingi 50. Kaya zisizoweza kulipa zitatajwa na mkutano wa kitongoji na kuchota bure. Vijana 11 wanaouza maji kwa baiskeli watapoteza kipato. Wanne watafundishwa kazi ya fundi bomba na usimamizi wa vituo. Waliobaki saba hatujawapatia njia, na tunaona ni haki kulisema hilo hapa. Kila kituo kitakuwa na shimo la kufyonza maji ya kumwagika ili mbu wasizaliane.

6. Ufuatiliaji

Mhudumu wa pampu atasoma kipimo cha maji ya kijitoni kila Jumatatu na kukiandika kwenye daftari, mjumbe mmoja wa wenye bustani akiwepo na kutia sahihi. Nakala itakwenda Bodi ya Bonde kila mwezi. Malalamiko yatapokelewa na mtendaji wa kijiji na kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 14.

Tunaomba cheti kikitolewa kiwe na sharti kwamba bomba la kijito lisiwekewe koki wala kupunguzwa tundu, na kwamba kijito kikipata chini ya lita 0.7 kwa sekunde, pampu izimwe hadi kiwango kirudi.