Barua kwa wanangu: kwa nini najifunza gari

Hombolo, Dodoma
20 Aprili 2024

Wanangu Neema, Daudi na Rehema,

Hamjambo? Mimi sijambo, mbuzi wawili wamezaa. Naandika kwa sababu kwenye simu kila nikianza mnanikatiza. Daudi anacheka, Neema ananihubiria presha, Rehema analia. Karatasi haikatizwi.

Ni kweli, najifunza gari. Hakuna aliyenirubuni.

Zabibu za Machi ndizo zilizonifikisha hapa. Zikishakatwa hazisubiri, na jua la huku mnalijua. Nilipatana na mwenye kirikuu aje saa kumi na mbili asubuhi. Akaja saa nane mchana, kumbe kapata mzigo wenye hela zaidi. Kreti za chini zilikuwa zinachuruzika, nyuki wamejaa, mnunuzi akanipa bei ya kunihurumia. Na muda wote huo pikapu ya baba yenu ilikuwa pale pale chini ya mwarobaini, kuku katagia nyuma. Nilikaa juu ya ndoo nikaitazama. Ndipo nilipoamua, wala sikuoteshwa ndoto kama shangazi yenu anavyotangaza.

Marehemu nilimwomba anifundishe mara mbili. Akasema, "Dereva wako si nipo? Unataka kwenda wapi?" Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyokuwa. Lakini sasa hayupo, na safari zangu hazikuisha.

Daudi, najua umeshampata mteja. Mwambie gari haiuzwi.

Nakwenda mjini Jumanne na Alhamisi, lena ninayo, ada nimelipa kwa hela ya mbuzi. Mwalimu ni kijana rika la Rehema, ananiita mama huku mkono hautoki kwenye hendibreki. Klachi ndiyo iliyonitesa. Siku moja nilizimisha gari mara nne kwenye taa, honi nyuma kama harusi, mpaka mwenye bajaji akanisogelea: "Mama, iachie polepole, usiikurupushe." Nikaiachia polepole, ikaondoka! Kurudi nyuma bado, vioo vinanichanganya.

Jioni hukaa ndani ya pikapu nikizoea gia. Miaka miwili kile kiti hakikuguswa, kimerudi nyuma kwa ile miguu mirefu ya baba yenu. Pedeli sikuzifikia, ikabidi nikivute mbele. Kililia kwa kutu, na mimi nikalia kidogo, kisha nikatafuta gia ya pili.

Msije mkadhani nafanya hivi kwa sababu mmenitupa. Hela mnatuma, simu mnapiga. Nimechoka tu kukaa barabarani na mzigo nikiangalia vumbi la mtu mwingine.

Daudi, betri imekufa, na bima imeisha. Ukitaka kunisaidia, anzia hapo. Neema, dawa nakunywa, na usiku sitaendesha. Ukija Desemba shuka Nanenane unisubiri, nitakuja kukuchukua. Ila panda basi linalofika mchana.

Mama yenu