Mpango wa kipindi: Klabu ya Chemshabongo, Gredi ya 4 hadi 9

Jumatano, saa 10:00 hadi 11:00 jioni, baada ya sala ya alasiri. Wanafunzi 18, makundi 6 ya watatu: mmoja wa Gredi ya 4–5, mmoja wa 6–7, mmoja wa 8–9.

Vifaa: njiti 200 za kiberiti zilizokatwa vichwa (30 kwa kila kundi, zinazobaki ni akiba), karatasi 6 za sudoku, 6 za jedwali la mantiki, penseli 6 na vifutio. Pangaboi lizimwe kabla ya kugawa karatasi.

Kanuni ya kipindi kizima: mdogo wa kundi peke yake ndiye anayeshika penseli na njiti. Wa katikati anasoma vidokezo. Mkubwa akitaka kitu kiandikwe, amweleze mdogo sababu mpaka aridhike. Bila kanuni hii wa Gredi ya 9 humaliza peke yake na wengine wanabaki kuchungulia dirishani.

Dakika 0–17: Sudoku ya 4×4

Inaanza kwa sababu ni tulivu, na anayechelewa anaweza kuingilia katikati. Kila mstari wa kulala, wa kusimama, na kila sanduku la 2×2 liwe na 1 hadi 4 bila kurudia.

1 _ | _ 4
_ _ | 1 _
------
_ 1 | _ 3
4 _ | _ _

Usiulize "hapa inaingia namba gani?" Uliza "4 ya mstari wa pili itakaa wapi?" Nafasi ya kwanza haifai, maana 4 iko chini yake, ya mwisho haifai, maana 4 iko juu yake. Inabaki ya pili. Jibu:

1 2 | 3 4
3 4 | 1 2
------
2 1 | 4 3
4 3 | 2 1

Ukinakili ubaoni, hakikisha ile 3 haijasahaulika. Ikikosekana, zinabaki 1 na 4 tu, na hakuna kinachotenganisha 2 na 3: majibu yanakuwa mawili na makundi yatabishana huku yote yakiwa sahihi. Kundi linalomaliza mapema lifute 3 hiyo kwa makusudi, litafute jibu la pili. Wakubwa wakiuliza kuhusu ile ya 9×9, waambie ilithibitishwa mwaka 2012 kwamba haiwezi kuwa na jibu moja tu ikianza na namba chini ya 17.

Dakika 17–38: Jedwali la mantiki

Ndiyo sehemu ngumu, usiipunguzie muda. Zuhura, Kadzo na Otieno wanasoma shule moja kisiwani. Kila mmoja anatoka mtaa wake (Likoni, Kisauni, Changamwe) na ana chakula chake cha mapumziko (mbaazi, viazi karai, mhogo).

1. Wa Likoni hula mhogo.
2. Zuhura havuki feri kuja shule.
3. Wa Kisauni hali mbaazi.
4. Otieno hula mbaazi.

Aliyehamia Mombasa juzi aelezwe kwamba katika mitaa hii mitatu ni Likoni tu yenye kivuko cha feri.

Karatasi iwe na masanduku matatu ya 3×3: majina na mitaa, majina na vyakula, vyakula na mitaa. Hilo la tatu ndilo linaloachwa, kisha kidokezo cha 1 kinakosa pa kuandikwa kwa kuwa hakina jina la mtu. Kosa jingine: wanaweka tiki bila kujaza X katika nafasi zilizobaki za mstari huo, wa kulala na wa kusimama. Kundi likikwama, karibu kila mara ni X zilizokosekana; zionyeshe, usitoe jibu.

Majibu: Otieno, Changamwe, mbaazi. Zuhura, Kisauni, viazi karai. Kadzo, Likoni, mhogo.

Dakika 38–55: Njiti

Zisitolewe kabla ya hapa; zikishaonekana mezani hakuna atakayeangalia karatasi.

*Ya kwanza, njiti 12:* panga miraba minne, 2×2. Toa njiti mbili, ibaki miraba miwili. Wengi watasema haiwezekani, kwa kuwa hawauhesabu mraba mkubwa wa nje. Ondoa mbili za ndani zinazofuatana na kukutana katikati. Zikitolewa zinazoelekeana, unabaki mkubwa peke yake.

*Ya pili, njiti 18:* 6 + 4 = 4, tarakimu za pembe kama za kikokotoo. Sogeza njiti moja tu, hesabu iwe kweli. Kundi likipata 0 + 4 = 4 (njiti ya kati ya 6 inapanda juu kulia), mwambie mkubwa iko nyingine: 8 − 4 = 4, njiti ya kusimama ya alama ya kujumlisha ikihamia kwenye 6. Pia 5 + 4 = 9 ikubali, ingawa 9 hiyo haina mkia wa chini.

Dakika 55–60

Kila kundi lirudishe njiti 30 kwa kuhesabu mbele yako. Anayetaka sudoku ya 9×9 achukue nyumbani. Darasani hapo haina muda wa kuisha.