Simu Ilipoacha Kuita

Tarehe 16 Machi 2020 nilikuwa narudi kutoka mbugani Ndutu na watalii wanne. Tulipofika Karatu simu zikashika mtandao, na habari ikaingia: mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana, tena Arusha, mjini kwetu. Aprili 11 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Kampuni niliyoiendeshea gari miaka 11 ikatukusanya uani, ikatugawia bahasha za mwezi mmoja, tukapeana mikono.

Nikarudi Tengeru. Simu yangu, iliyokuwa ikiita hata nikiwa msalani, ikanyamaza. Siku za mwanzo nilikuwa naizima na kuiwasha, nikidhani mtandao una shida. Wale madereva tuliokuwa tukiitana kwenye redio porini, "Sharubu yuko mto wa pili", yaani simba, kila mmoja alijifungia na aibu yake. Mimi pia sikumpigia mtu.

Kazi yangu kwa kweli ilikuwa kusikiliza. Nilikuwa nazima injini na kuwaambia wageni watulie. Tumbili ana mlio wake akiona tai, mwingine akiona nyoka, na mwingine kabisa akiona chui. Nikiusikia huo wa tatu najua mti gani wa kutazama. Pori likinyamaza sikuwahi kuliogopa. Nyumba yangu ilipokuwa kimya, niliogopa.

Usiku mmoja, saa kumi hivi, nikiwa macho kama kawaida ya siku zile, nikasikia mtu anakohoa jikoni nje. Kikohozi kikavu, cha kurudiarudia. Nikatoka. Mama Neema alikuwa amechutama mbele ya mafiga, anachoma vitumbua vya kuuza, moshi umemfunika hadi kifuani.

"Hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Mwaka wa tatu huu, Baba Neema. Wewe ulikuwa na wageni."

Hakusema kwa kunisuta, na ndiyo maana nilikaa chini. Miaka mitatu! Mimi niliyemsikia chui kupitia koo la tumbili.

Asubuhi nikaanza kufyatua tofali. Fundi mmoja mzee wa Usa River alinifundisha kujenga jiko banifu: chemba ya kuni nyembamba, sufuria ikae imezama, bomba la bati litoe moshi juu ya paa. La kwanza lilipasuka, la pili likakubali. Jirani akaja kulitazama, akataka lake. Kisha shule. Sasa ndiyo kazi yangu.

Utalii uliporudi, kampuni ilinipigia. Napenda pori bado, na siku nyingine nalikumbuka hadi kifua kinabana. Niliwaambia nina jiko la watu sijalimaliza.

Mama Neema hukohoa bado, hasa baridi ya Julai. Nikisikia, naamka.