Hongereni, Kaka na Wifi

Kaka, wifi yangu, hongereni sana! Picha ya mtoto wenu mchanga imenikuta kwenye pantoni nikivuka kwenda Kigamboni, nikaitazama mpaka watu wakaanza kushuka.

Vile vidole, jamani! Vyote vitano vimemng'ang'ania baba kidole kimoja, na bado havijakizunguka. Kucha nyembamba kama ganda la kitunguu. Viganja vina mikunjo kama vya mtu aliyeshinda akifua. Najua watoto huzaliwa na tabia hiyo ya kushika, ukiwagusa kiganja tu wanafumba mkono. Lakini mimi nimeona anamshika baba yake, basi. Na ile ngumi nyingine, iliyojificha kwenye kanga ya mama, ndiyo iliyoniliza.

Wifi, pole kwa uchungu, na asante kwa kutuletea mtoto. Mungu akurudishie nguvu. Ndoo na jiko mwachie kaka. Jumamosi asubuhi nakuja Tabata na kuku wa kienyeji wa supu, ndizi za mtori na doti mbili za kanga. Nitanawa mikono kwanza, halafu naomba na mimi anishike kidole.

Mbusuni hivyo viganja kwa niaba yangu.

Shangazi yake